Kulabu Nne Ukutani

Jiko lenyewe ni dogo. Liko nyuma ya hoteli ya vyumba 12 katika Mji Mkongwe, Unguja, ndani ya nyumba ya zamani ya mawe na chokaa. Upana wake hatua nne, urefu wake saba. Mlango wa nyuma unatazama kichochoro ambako kuku, samaki na mboga hupokewa. Upande wa pili kuna dirisha la kupitishia sahani kwenda ukumbini. Katikati ya mlango huo na dirisha hilo ndipo anapofanyia kazi mpishi mkuu, mwanamke wa makamo ambaye vijana wake humwita mama. Nilikwenda kumtazama siku tatu mfululizo, si kwa ajili ya mapishi yake, ingawa ni matamu, bali kwa ajili ya jambo ambalo mgeni mezani hawezi kulionja: namna anavyohakikisha kwamba kilicho kibichi hakikutani na kilicho tayari kuliwa.

Ukutani kuna kulabu nne zilizoachana, na kila moja imebeba ubao wa plastiki wa kukatia. Karibu na mlango wa nyuma, juu ya meza iliyoshikana na sinki, unaning'inia ubao mwekundu wa nyama na kuku wabichi, na ubavuni mwake wa buluu kwa samaki na pweza. Ng'ambo, karibu na dirisha, uko wa kijani kwa kachumbari na matunda, na mweupe kwa mkate, jibini na nyama iliyokwisha kuiva. Kila ubao una kisu chake, mpini wa rangi ileile.

Rangi hizi utaziona katika majiko mengi ya hoteli. Ila mara nyingi mbao zote hupangwa pamoja kwenye raki moja, zikipendeza kama vitabu, na mtu mwenye haraka huchukua ulio karibu na mkono. Mama amezitawanya. Anayeshika kuku yuko kwenye sinki, na ubao ulio karibu naye ni mwekundu. Akitaka kukosea inabidi avuke jiko zima, apite mbele ya macho ya wenzake, auangue wa kijani na arudi nao. Nilipomuuliza kwa nini hakuweka raki moja iokoe nafasi, alisema, "Saa saba mchana hakuna anayesoma rangi, mwanangu. Mkono unakwenda uliko karibu."

Adui anayemkabili haonekani. Utumbo wa kuku mzima, mwenye afya, anayeparura uani, unaweza kuwa na salmonela au kampilobakta bila yeye kuumwa hata kidogo. Akichinjwa, vijidudu hivyo huingia kwenye ngozi na nyama. Kwa hiyo kuku aliyechinjwa alfajiri si lazima awe msafi kuliko wa jana, na wa kienyeji si salama kuliko wa kizungu. Moto huviua vijidudu hivyo. Kachumbari haipiti motoni. Nyanya iliyokatwa kwenye ubao uliotoka kukatiwa paja la kuku inakwenda mdomoni jinsi ilivyo, na ndimu iliyokamuliwa juu yake haitoshi kuisafisha. Kampilobakta haihitaji wingi. Mamia machache ya vijidudu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na kwa kawaida ugonjwa hujitokeza siku mbili hadi tano baadaye. Wakati huo mgeni amekwisha panda ndege. Jikoni habari haifiki, na mpishi aliyekosea Ijumaa anaendelea kuamini Jumatano kwamba hakukosea.

Ijumaa nilimkuta akiandaa kuku wa kupaka na kachumbari kwa watu 40. Saa tatu asubuhi hakuna kuku hata mmoja mezani. Wako kwenye jokofu, rafu ya chini kabisa, ndani ya beseni lenye kingo ndefu ili maji ya damu yasidondokee chochote. Kwanza kachumbari. Nyanya, vitunguu na pilipili boga zimeoshwa uani kabla ya kuingia, kwa sababu tope la shamba nalo lina vijidudu vyake na hataki liingie ndani. Kijana mmoja anazikata kwenye ubao wa kijani, anazifunika, anaziweka rafu ya juu ya jokofu. Chumvi na ndimu zitaingia dakika chache kabla ya kupakua. Anaosha ubao, anautundika. Hapo ndipo kuku wanatoka. Jiko lisilo na nafasi ya meza mbili za mbali, mama amelitenga kwa saa badala ya kuta: kitakacholiwa kibichi hutangulia, kibichi cha kupikwa hufuata, na baada ya hapo hakuna kurudi nyuma mpaka meza zote zisafishwe.

Kabla kijana wa kuku hajagusa chochote, anapima viungo. Chumvi, tangawizi, kitunguu saumu, bizari na pilipili vyote vinaingia kwenye bakuli dogo, na kopo la chumvi linarudi rafuni na kufungwa. Nilimwomba mama anieleze. Akanionyesha vidole vyake. Mkono uliokwisha shika kuku ukirudi kuchota chumvi, alisema, unaiacha ngozi ya kuku ndani ya kopo, na kopo hilo jioni litakwenda kwenye kachumbari. Ubao unaweza kuwa mwekundu na kisu chekundu, na kachumbari ikachafuliwa na chumvi.

Kuku haoshwi. Jambo hili liliniwia gumu, maana nimelelewa nyumba ambayo kuku asiyeoshwa kwa ndimu na maji mengi hapikwi. Lakini nilitazama sinki lao. Maji yanayopiga ngozi ya kuku hurusha matone madogo hadi mezani, kwenye bomba, kwenye aproni ya aliyesimama jirani. Yeye huwakausha kwa tishu nene na kuitupa papo hapo, na kazi ya kuua vijidudu anauachia moto. Kipimajoto chenye ncha huzamishwa kwenye sehemu nene ya paja, mbali na mfupa, na kuku hatoki mpaka kisome nyuzi 75.

Kisha ukaja mtego ambao rangi za mbao haziufikii. Kuku wa kupaka, kama jina lake, hupakwa. Anachomwa juu ya makaa huku akipakwa rojo la nazi na viungo kwa brashi, na mwisho hupakuliwa na rojo hilohilo juu yake. Brashi inagusa ngozi ambayo bado nusu mbichi, inarudi sufuriani, inagusa tena. Baada ya raundi nne sufuria imepokea kila kilichokuwa kwenye kuku. Mama hugawa rojo mara mbili kabla ya makaa kuwaka. Sufuria ndogo inakwenda nje na brashi yake, na kinachobaki humo baada ya kuchoma humwagwa. Kubwa inabaki ndani, karibu na dirisha, na haijawahi kuonana na brashi. Koleo nazo ni mbili: ya kuwekea kuku motoni imefungwa utepe mwekundu kwenye mpini, ya kuwatolea haina utepe. Sinia lililobeba wabichi kwenda uani halirudi nao wakiwa wameiva.

Kati ya mbao zake hakuna wa njano, na nilipouliza kisa nikaelewa zaidi jinsi anavyofikiri. Alipoanza alikuwa nao, kwa nyama iliyopikwa, kama ilivyo katika mpangilio unaotumika sana Uingereza. Akaja kijana hodari kutoka hoteli nyingine, na siku ya kwanza akamlaza kuku mbichi juu yake. Kijana hakuwa mzembe. Kule alikofundishwa njano ilikuwa ya kuku mbichi, kama ilivyo katika mpangilio ulioenea Marekani. Rangi ni makubaliano ya jiko husika, na mpishi anayehama hubeba makubaliano ya zamani mkononi. Mama angeweza kubandika chati ukutani na kumkaripia atakayefuata. Badala yake aliiondoa njano jikoni moja kwa moja, nyama iliyoiva akaipa ubao mweupe, na tangu siku hiyo hakuna rangi yenye maana mbili mle ndani.

Kuosha kuna hatua ambazo hazirukwi. Mabaki yanakwanguliwa, ubao unasuguliwa kwa maji ya moto na sabuni pande zote mbili, kwa sababu upande wa nyuma ndio unaolala mezani na ndio unaosahaulika. Unasuuzwa. Halafu unazamishwa dakika mbili katika beseni la lita 10 lenye vijiko viwili vya mezani vya jiki, ile yenye nguvu ya asilimia 3.5. Mpangilio huo una sababu: mafuta na damu hula klorini, na ubao wenye mafuta ukizamishwa hutoka na harufu ya usafi bila usafi. Mwisho haufutwi. Kitambaa kibichi kinachozunguka jiko ndicho kinachobeba kila kitu kwenda kila mahali, kwa hiyo unatundikwa ukauke wenyewe. Madoa ya manjano ya bizari hayamsumbui. Anachotafuta ni mikato. Hupitisha ukucha juu ya ubao, na ukucha ukinasa huuweka kando, maana brashi haifiki ndani ya mkato huo.

Vinoo vilevile ni viwili. Hilo nililigundua siku ya tatu tu, nilipoona kijana wa samaki akinoa kisu cha buluu kwenye jiwe lililokuwa upande wake, na lingine likiwa kwenye droo ya upande wa dirisha. Kisu chenye mafuta ya kuku kikipita juu ya jiwe huacha mafuta hayo kwa kisu kitakachofuata, hata kama mpini wake ni wa kijani.

Na kuna mashine moja aliyoikataa. Mwenye hoteli alitaka kununua mashine ya kufungia nyama ndani ya plastiki kwa kunyonya hewa, itumike kwa samaki wabichi na pia kwa nyama za baridi za kifungua kinywa. Mama alijua kilichotokea kusini mwa Wales mwezi Septemba 2005, alifundishwa chuoni. Mwuza nyama mmoja aliyekuwa akipeleka chakula mashuleni alitumia mashine moja ya namna hiyo kwa nyama mbichi na iliyopikwa. Zaidi ya watu 150 waliugua E. koli O157, wengi wao wanafunzi, na mtoto wa miaka mitano akafariki. Ubao unaoshwa ukaisha. Mashine ina mapengo na mipira ambayo mkono haufiki. Alimwambia mwenye hoteli anunue mbili au asinunue. Hakununua.

Saa nne usiku, sahani za mwisho zimerudi, vijana wanavua aproni. Mama anasimama katikati ya jiko na kutazama ukuta, kwanza upande wa mlango, kisha upande wa dirisha. Nyekundu ipo, buluu ipo, nyeupe ipo. Kulabu ya kijani ni tupu. Hasemi kitu, kijana wa kachumbari anauona mtazamo wake, anarudi uani, anautoa ubao ndani ya beseni alikousahau, anautundika ukiwa bado unadondosha maji. Mama anangoja tone la kwanza ligonge sakafu, kisha anazima taa.