Herufi Mbili za Mwanzo na Uraia wa Wimbo

Imezuka desturi miongoni mwa baadhi ya wapenzi wa muziki, na hata katika kazi za uchunguzi zinazofanywa mashuleni, ya kutafuta nchi ya wimbo kwa kutazama herufi mbili za mwanzo katika namba ya rekodi. Mwanafunzi akikuta TZ huandika "Tanzania". Akikuta US huandika "Marekani". Na orodha yake ikikamilika huhesabu nyimbo za kila taifa na kutoa hukumu. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba herufi hizo zinasema jambo la kweli, lakini si jambo hilo.

Namba inayozungumziwa ni ISRC. Kanuni zake ziliwekwa kwanza na Shirika la Kimataifa la Viwango mwaka 1986, chini ya kiwango kiitwacho ISO 3901, na usimamizi wake kwa dunia nzima umo mikononi mwa wakala wa kimataifa ulioko London. Kila namba ina alama kumi na mbili. Tuutazame mfano huu, ambao umetungwa kwa ajili ya maelezo tu:

```
ISRC TZ-A1B-24-00017
```

Neno ISRC na vistari vimewekwa ili kumsaidia msomaji. Si sehemu ya namba yenyewe. Herufi mbili za mwanzo hufuata orodha ya kimataifa ya vifupisho vya nchi. Alama tatu zinazofuata humtaja msajiliwa, yaani kampuni au mtu aliyepewa idhini ya kutoa namba. Tarakimu mbili baada ya hapo ni mwaka ambao namba ilitolewa, na tano za mwisho ni hesabu ya rekodi za msajiliwa huyo katika mwaka huo. Kwa hiyo mfano wetu wasomeka hivi: msajiliwa A1B, ambaye alipata idhini yake kwa upande wa Tanzania, alitoa namba hii mwaka 2024, na hiyo ndiyo rekodi aliyoipa hesabu ya 00017.

Msomaji na aangalie vema ni nani anayetajwa na herufi TZ. Si mwimbaji. Si mtunzi, wala si studio, wala si lugha ya wimbo. Anayetajwa ni msajiliwa, na kinachosemwa juu yake ni mahali alikopewa idhini. Namba nzima hata haiuhusu wimbo kama utungo. Yahusu rekodi moja ya wimbo huo. "Malaika" alioimba Fadhili William ni rekodi moja, na "Malaika" alioimba Miriam Makeba ni rekodi nyingine, na ule wa kundi la Boney M. ni nyingine tena. Kila moja yastahili namba yake, na hakuna hata moja kati ya namba hizo iwezayo kutuambia utungo wenyewe ulizaliwa wapi. (Mabishano juu ya nani aliutunga "Malaika" ni marefu, na ISRC haiwezi kuyaamua.)

Pana pia hatari ndogo ya kuzisoma herufi zenyewe vibaya. ZA si Zambia wala si Zaire. Ni Afrika Kusini, na Zambia ni ZM. CH ni Uswisi, si China. Kenya ni KE; KN ni ya visiwa vya Saint Kitts na Nevis. Zanzibar haina herufi zake. Taarabu iliyosajiliwa huko huingia chini ya TZ. Makosa ya namna hii husahihishwa kwa kuwa na orodha mkononi, nayo si makubwa. Lililo kubwa ni lile la kuisoma herufi sawasawa na kuifahamu vibaya.

Tuchukue rekodi moja tuifuate. Mwaka 1952, Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini na kuzunguka sehemu nyingi za bara hili akinasa muziki, alifika Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, katika Katanga ya Kongo ya Wabelgiji. Huko alimnasa kijana mpiga gitaa aliyeitwa Mwenda Jean Bosco, aliyeimba kwa Kiswahili cha Katanga na kulicharaza gitaa kwa vidole kwa ufundi ambao wapiga gitaa wa Afrika Mashariki na Kati waliuiga kwa miaka mingi. Miongoni mwa nyimbo hizo ulikuwamo "Masanga". Santuri yake ilitolewa na Gallotone, chapa ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini.

Je, "Masanga" ni wa nchi gani? Mwimbaji ni wa Kongo, lugha ni Kiswahili, mnasaji alitoka Afrika Kusini, santuri ni ya Afrika Kusini. Msomaji atakayekimbilia ISRC ili apate jibu hana budi kukumbuka jambo la kwanza: mwaka 1952 ISRC haikuwapo. Hata orodha ya vifupisho vya nchi ambayo ISRC inaitegemea ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1974. Basi namba yoyote iliyobandikwa kwenye rekodi hiyo leo ilitolewa na mtu aliyeitoa upya, miongo kadhaa baada ya gitaa kunyamaza.

Sasa tuchukulie kwamba kampuni tatu zimeitoa upya rekodi ile ile, kila moja bila kuuliza wenzake: moja ya Johannesburg, moja ya Uholanzi, na moja ya Lubumbashi. Namba ya kwanza itaanza na ZA, ya pili na NL, ya tatu na CD. Sauti ni ile ile, vidole ni vile vile, hata mikwaruzo ya santuri huenda ni ile ile. Herufi zimetofautiana kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba wasajiliwa wametofautiana. Tena, kama kampuni ya Lubumbashi ingalipata idhini yake kabla ya mwaka 1997, herufi zake zingalikuwa ZR, kwa kuwa nchi ilikuwa bado inaitwa Zaire. Na namba iliyokwisha kutolewa haibadilishwi kwa sababu nchi imebadili jina, wala kwa sababu rekodi imeuzwa kwa mwingine au kampuni imehama.

Mwaka nao una mtego wake. Kama kampuni ya Uholanzi ilitoa namba mwaka 2012, tarakimu zitakuwa 12. Mwanafunzi asiyejua ataandika kwamba "Masanga" ni rekodi ya Uholanzi ya mwaka 2012, na kila neno katika sentensi hiyo litakuwa limetoka kwenye namba yenyewe! Hivyo ndivyo kazi ya Mwenda inavyoweza kuondolewa Katanga na kuondolewa katika wakati wake, pasipo mtu yeyote kusema uwongo.

Kanuni za ISRC hazipendi hali hiyo. Zinataka rekodi moja iwe na namba moja, na anayeitoa tena atumie namba iliyokwisha kuwapo. Lakini kwa rekodi za zamani, ambazo wenyewe wametawanyika na nyaraka zimepotea, kanuni mara nyingi haitimizwi. Dalili ya namba maradufu si ngumu kuitambua. Mtu akitafuta katika daftari la wazi la isrcsearch.ifpi.org, akaona jina la wimbo ni moja, mwimbaji ni mmoja na urefu unalingana au kukaribiana sana, ilhali namba ni mbili, basi ashuku kwamba ni rekodi moja iliyosajiliwa mara mbili. Kisha asikilize zote mbili. Mwimbaji aliyekohoa katika shairi la pili la rekodi moja hawezi kukohoa mahali pale pale katika nyingine isipokuwa kama ni rekodi ile ile.

Hayo ni ya zamani. Katika muziki wa leo herufi zimezidi kuachana na nchi, na sababu yake ni ya hesabu. Sehemu ya msajiliwa ina nafasi tatu, na kila nafasi yaweza kujazwa kwa herufi moja kati ya 26 au tarakimu moja kati ya 10. Zidisha 36 kwa 36 kwa 36, utapata 46,656. Hiyo ndiyo idadi ya wasajiliwa wanaoweza kukaa chini ya jozi moja ya herufi. Kwa nchi nyingi inatosha na kubaki. Marekani haikutosha; hivyo wasajiliwa wapya wa huko wakapewa QM, na baadaye QZ. Hakuna nchi yenye herufi hizo, wala haitakuwapo, maana orodha ya vifupisho imezitenga herufi kuanzia QM hadi QZ zisipewe nchi yoyote.

Kijana wa Dar es Salaam anayerekodi katika chumba kidogo cha Sinza huenda asiende kwa wakala yeyote kuomba idhini. Hupeleka rekodi yake kwa msambazaji wa muziki wa mtandaoni, na msambazaji humpa namba kutoka katika fungu lake mwenyewe. Msambazaji akiwa amesajiliwa Marekani, wimbo wa Sinza huenda ukavaa QM au QZ. Kwa upande wa pili, kwaya kutoka Ulaya ikija kurekodi nchini na kupewa namba na studio yenye idhini ya hapa, nyimbo zake zitavaa TZ. Hesabu ya "muziki wa taifa" iliyojengwa juu ya herufi itampoteza kijana wa Sinza na kuipokea kwaya ya wageni.

Wenye kanuni wenyewe wamelikubali jambo hili. Katika toleo la mwaka 2019 alama tano za mwanzo zimeunganishwa kuwa kiambishi kimoja, na herufi mbili hazihesabiwi tena kuwa dalili ya nchi; zaonyesha fungu ambalo kiambishi kilitolewa. Kwa namba nyingi fungu hilo bado lalingana na nchi, na ndiyo maana desturi ya kuzisoma kama bendera haijafa.

Basi zina faida gani? Zinatuambia pa kubisha hodi. Pakizuka ugomvi juu ya malipo ya rekodi, alama tano za mwanzo humwongoza mchunguzi kwa wakala aliyetoa kiambishi: ZA kwa wakala wa Afrika Kusini, GB kwa wa Uingereza, QZ kwa wa Marekani. Huko ndiko kuliko na daftari linalomtaja msajiliwa, na msajiliwa ndiye anayepaswa kueleza rekodi ilimfikiaje. Hata yeye huenda asiwe mwenye haki leo, kwa kuwa rekodi huuzwa na namba haigeuki. Ila ni mlango wa kwanza.

Mwalimu anayewatuma wanafunzi wake kukusanya nyimbo za wilaya yao na awape karatasi yenye nafasi za mwimbaji, wapigaji, mtunzi, lugha, mahali na tarehe ya kurekodi, na haya yote yajazwe kwa kuwauliza watu waliohusika. ISRC, ikiwapo, iandikwe chini kabisa, na kando yake jina la aliyeitoa.