Kunasa Harufu ya Ua Likiwa Mtini

Mibuni ikichanua katika eneo la Suneka nchini Kenya baada ya mvua, shamba zima hunukia karibu na asmini kwa siku chache tu. Maua hayo hayafai kuchumwa, kwani kila ua likikatwa ni tunda moja la kahawa limepotea. Tena ua lililokatwa halinukii vile lilivyonukia. Braja Mookherjee wa kampuni ya IFF ya Marekani alilionyesha hilo kwa asmini: ikishachumwa, indoli hupungua na linaluli huongezeka sana.

Mbinu ya hedispesi hunasa hewa inayolizunguka ua. Ua hufunikwa kwa chupa nyembamba ya kioo bila kuguswa wala kukatwa. Pampu ndogo huvuta hewa polepole, labda kwa saa kadhaa, ipite kwenye mrija wenye chembe za mkaa au polima zinazoshika harufu. Kisha harufu huoshwa kwa matone machache ya kiyeyusho na kupitishwa katika mashine mbili, kromatografia ya gesi inayozitenganisha molekuli na spektrometa ya masi inayozitambua. Chupa nyingine tupu huwekwa pembeni. Chochote kinachoonekana katika chupa zote mbili si cha ua, bali ni cha hewa, moshi au vifaa vyenyewe.

Roman Kaiser, mkemia wa kampuni ya Givaudan nchini Uswisi, aliifanya kazi hii kwa miaka mingi. Miongoni mwa maua aliyoyachunguza ni Aerangis confusa, okidi nyeupe inayoota juu ya miti katika nyanda za juu za Kenya. Okidi za jamii hii huchavushwa na nondo, hivyo hunukia usiku. Anayenasa mchana atapata karibu hewa tupu, na asipolijua hilo ataandika kwamba ua halina harufu. Katika harufu ya Aerangis confusa Kaiser alikuta laktoni ambayo leo hujulikana kwa jina la okidi hiyo, aerangis-laktoni. Molekuli ikishajulikana umbo lake, huundwa maabara, na hakuna haja ya kurudi msituni kutafuta ua.

Hata hivyo, orodha ya mashine si manukato. Viwango vilivyopimwa ni vya hewani. Mtunzi wa manukato akivichanganya vivyo hivyo katika pombe, molekuli nyepesi zitaruka upesi kutoka kwenye ngozi na zile nzito zitabaki peke yake. Ndiyo maana huanza na orodha, akapunguza hapa na kuongeza pale, akatia vitu vizito vya kuzuia harufu isitoweke, huku akinusa tena na tena. Molekuli iliyo chache mno kuonekana kwenye chati inaweza kuwa ndiyo inayolipa ua sura yake, kwa hiyo wataalamu huweka pua kwenye tundu la mashine kila molekuli inapotoka.

Atakayetaka kunasa harufu ya kahawa ya Suneka afike maua yanapofunguka, kabla hayajaanza kugeuka rangi, na aweke mitego mchana na usiku.