Gmail pekee hairudishi chati

Ukienda kwa mafundi wa simu pale Ngamiani, Tanga, ukasema simu imepotea na unataka chati za WhatsApp zirudi kwenye simu mpya, swali la kwanza ni: "Gmail yako unaikumbuka?" Ukiikumbuka, unaambiwa usiwe na wasiwasi. Ushauri huo ni nusu tu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaliza watu.

Tuseme mama mmoja anauza dagaa soko la samaki la Deep Sea. Oda na madeni ya wateja wake wa Muheza na Korogwe vyote viko kwenye chati, daftari hana. WhatsApp aliifungua kwa laini ya zamani ambayo hajaiweka vocha miezi mingi. Bando ananunua kwenye laini nyingine. Simu ikadumbukia baharini.

Kwanza tuelewe chati zilikaa wapi. Kwenye Android, bakapu ni faili lililofungwa kwa msimbo na kuwekwa Google Drive. Gmail inakufikisha kwenye faili, lakini haikupi ufunguo wa kulifungua. Kwa bakapu ya kawaida, ufunguo unashikiliwa na WhatsApp yenyewe, na inautoa ukishathibitisha namba ileile iliyotengeneza bakapu. Yaani makufuli ni mawili. Aliyewasha ulinzi wa bakapu ulioanza 2021 ana kufuli la tatu, kwa mfano nywila yake mwenyewe au ufunguo wa tarakimu 64. Akisahau hivyo, hata WhatsApp hawawezi kumfungulia.

Kwa hiyo huyu mama asianzie kwa fundi, aanzie duka la mtandao wake wa simu. Kama namba haijagawiwa mtu mwingine, atapewa kadi mpya yenye namba ileile kwa namba ya NIDA na alama ya kidole. Hapa wengi wanakwama kwa sababu laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha kaka au mume. Basi kidole kinachotakiwa ni cha huyo kaka.

Laini ikishika mtandao, aingize kwanza Gmail ya zamani kwenye simu mpya. Google nayo inaweza kutuma msimbo kwenye namba hiyohiyo, ndiyo maana laini inatangulia. Kisha afungue Google Drive, sehemu ya Backups, aangalie kama WhatsApp ipo na ni ya tarehe gani. Hapo ndo atajua ukweli: kama tarehe ni ya miezi mitatu nyuma, madeni ya baada ya hapo hayamo, na hakuna fundi atakayeyatoa. Baada ya hapo afungue WhatsApp, aweke namba ya zamani, apokee msimbo, na skrini ikisema Restore akubali palepale. Akiiruka, itabidi aifute programu na kuanza upya, tena kabla bakapu mpya tupu haijaifuta ile ya zamani. Meseji hurudi kwanza, picha hufuata taratibu.

Na kama namba imeshauzwa kwa mtu mwingine? Huyo mtu akifungua WhatsApp haoni chati za mama, kwa sababu Gmail hana. Hilo ni jambo jema, na ndiyo hoja nzito ya kutetea makufuli mawili. Ila mama naye habebi kitu: faili analo, ufunguo hana. Kilichobaki ni upande wa pili wa mazungumzo. Kila mteja bado ana nakala yake, na anaweza kuchagua Export chat akamtumia kama faili la maandishi. Halirudi ndani ya WhatsApp, lakini linasomeka, na deni linaonekana.

Zile programu za "kurudisha chati zilizofutika" hapa hazina kazi. Zinapekua kumbukumbu ya simu iliyo mkononi, na chati ziko kwenye simu iliyo chini ya maji.

Lawama yangu haiko kwa mafundi peke yao. WhatsApp huthibitisha namba siku ya kuifungua, kisha inaendelea kufanya kazi kwa bando la laini yoyote au Wi-Fi, hata laini iliyoifungulia ikifa. Ukurasa wa bakapu unakuonyesha tarehe ya jana usiku, unalala ukijua uko salama, wakati ufunguo unaning'inia kwenye namba ambayo huna tena. Dawa ipo, na ni rahisi mradi simu bado iko mkononi: Change number huhamisha akaunti kwenda laini inayotumika, na msimbo unaotakiwa ni wa namba mpya tu. Kuna pia Passkeys na barua pepe, vinavyoweza kusaidia kuingia bila SMS. Vyote vimefichwa ndani ya Settings, Account. Kwa nchi ambako mtu mmoja ana laini mbili tatu na moja kati yake imelala, swali la "bado unatumia namba hii?" lingekaa pale pale chini ya tarehe ya bakapu.