Daftari la shamba darasa: kumbukumbu nzuri hutambulikaje

Daftari la shamba darasa ndimo mwanafunzi wa ugani aliye kwenye mafunzo kwa vitendo anamoandika yote yaliyofanyika kwenye vipande vya mfano, tangu siku ya kupima eneo hadi siku ya kupima mavuno. Ubora wake hujulikana kwa jambo moja. Mtu ambaye hakufika shambani kabisa aweze kulichukua, kupiga hesabu upya, na kufikia jibu lile lile aliloandika mwenye daftari. Likishindwa hapo, hata liwe na mwandiko wa kupendeza, limebaki kuwa hadithi ya shamba.

Anayezoea kukagua madaftari haya huanza kuliangalia daftari kabla ya kulisoma. Daftari safi mno hutia shaka. Kurasa za miezi mitatu zilizoandikwa kwa kalamu moja, kwa mkandamizo mmoja wa mkono, bila alama ya udongo wala tone la mvua, aghalabu zimeandikwa usiku mmoja, siku moja kabla ya msimamizi kufika. Daftari la kweli lina siku zilizoandikwa kwa haraka na siku zilizoandikwa kwa utulivu. Penye kosa pana mstari mmoja uliopitishwa juu ya namba ili bado isomeke, na namba ya pili pembeni yake. Wino mweupe wa kufutia hauna kazi humo, kwa sababu namba iliyokosewa nayo ina habari yake. Tarehe pia husema. Katika maeneo ya joto, mahindi yaliyopandwa kwenye udongo wenye unyevu huchukua kama siku 5 hadi 7 kuchomoza. Daftari linalodai yamepandwa Jumatatu na kuota Jumatano limeandikwa na mtu aliyekuwa akikisia.

Ukurasa wa kwanza wenye thamani ni ramani. Si lazima iwe nzuri, bali ionyeshe kaskazini ni wapi, maji ya mvua hutelemkia upande gani, mwembe au kichuguu kiko wapi, na kipande kipi kimelimwa kwa utaratibu unaofundishwa na kipi kimelimwa kama mkulima alivyozoea. Kipande hiki cha pili ndicho wanafunzi wengi hukisahau. Wakirudi na mavuno makubwa ya kipande cha mfano pekee, hakuna anayeweza kusema kama yaliletwa na nafasi ya kupanda, mbolea, au kichuguu kilichobomolewa hapo mwaka uliopita.

Baada ya ramani hufuata vipimo, na hapo ndipo madaftari mengi huanguka. Vijijini Tanzania ekari hupimwa kwa hatua, 70 kwa 70. Ekari halisi ni mita za mraba 4,047. Mwenye hatua ya sentimita 80 akitembea hivyo hupata mita 56 kila upande, yaani mita za mraba 3,136, ambazo hazizidi sana robo tatu ya ekari. Mrefu mwenye hatua ya mita nzima atapata 4,900. Wote wawili wataandika "ekari moja", na mavuno yao hayatalinganishika tena. Mwanafunzi makini huandika hatua ngapi, za nani, kisha hupima hatua hizo kwa tepu na kuandika urefu wake. Hali ni hiyo hiyo kwa debe. La kufutwa juu na la kujazwa hadi kilele hutofautiana kwa kilo kadhaa, na gunia la lumbesa halina kipimo kabisa mpaka lipande kwenye mizani.

Namba zikishakuwapo, mkaguzi hutazama kama zinapatana. Chukua mbolea ya kupandia. Kizibo kimoja cha soda hubeba kadiri ya gramu 5 za DAP. Mahindi yakipandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari huwa na mashimo takriban 9,000. Kizibo kimoja kwa kila shimo hufanya kilo 45, karibu mfuko mmoja wa kilo 50. Daftari likisema hivyo, linajitosheleza. Lakini likisema nafasi ilikuwa 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo, kizibo kimoja, mfuko mmoja kwa ekari, kuna mahali pamekosewa, kwa maana mashimo sasa ni takriban 18,000 na mbolea ingefika kilo 90. Huenda kilichowekwa ni nusu kizibo. Huenda pia mbolea iliisha katikati ya shamba na mistari ya mwisho haikupata kitu. Hilo la pili ndilo la kuogopwa, kwa kuwa mavuno hafifu ya mistari hiyo yatakuja kuhesabiwa kosa la mbegu.

Maneno kama "wadudu wachache" na "mvua nzuri" ni alama ya uvivu. Viwavijeshi vamizi, waliothibitishwa Tanzania mwaka 2017, huhesabiwa. Mtu hupita shambani kwa mwendo wa herufi W, husimama sehemu 5, na kila sehemu hukagua mimea 10, akitafuta kwenye moyo wa mhindi kinyesi kibichi kinachofanana na unga wa mbao. "Mimea 14 kati ya 50" ni kumbukumbu, kwa sababu wiki inayofuata italinganishwa na nyingine. Na sifuri huandikwa. Nafasi iliyoachwa wazi haisemi kama wadudu hawakuwapo au kama mwanafunzi hakwenda. Mvua nayo husomwa kila siku saa 3 asubuhi kwa milimita, hata siku ambayo haikunyesha.

Kipimo cha mwisho cha daftari ni ukurasa wa mavuno. Tuseme kipande cha mfano cha masika, wilayani Mvomero, kina mistari 12 yenye urefu wa mita 10, nafasi ya 75 kwa 60. Mstari wa kwanza na wa mwisho haivunwi kwa ajili ya kipimo, kwa kuwa mahindi ya pembeni hupata mwanga na nafasi kuliko ya ndani. Mita moja ya kila ncha huachwa pia. Hubaki mistari 10 ya mita 8, na kwa kuwa kila mstari unachukua upana wa mita 0.75, eneo la kupimwa ni mita 7.5 kwa 8, yaani mita za mraba 60. Eneo hilo lilitakiwa kuwa na mimea 267. Iliyohesabiwa siku ya kuvuna ni 231. Daftari bora lina namba zote mbili, kwa sababu pengo la mimea 36 linaeleza sehemu ya mavuno ambayo mbolea haiwezi kueleza.

Magunzi yakiwa na punje yana kilo 38.2. Yakipukuchuliwa, punje zina kilo 30.6. Kipima unyevu kinaonyesha asilimia 18, wakati mahindi ya kuhifadhi hulinganishwa kwa asilimia 13. Hesabu basi ni hii:

```
30.6 x (100 - 18) / (100 - 13) = 28.8 kg
28.8 x 4047 / 60 = 1943 kg kwa ekari
```

Hayo ni magunia 19 na zaidi kidogo, ya kilo 100. Kipande cha jirani, kilicholimwa kwa mazoea ya mkulima na kupimwa kwa eneo lile lile, kilitoa punje kilo 19.4 kwa unyevu wa asilimia 16. Kwa njia hiyo hiyo hupatikana kilo 18.7, au takriban kilo 1,261 kwa ekari. Tofauti ni karibu magunia 7.

Sasa atazamwe mwanafunzi mwingine aliyekuwa shamba lile lile lakini akapima magunzi badala ya punje. Atazidisha 38.2 na kupata kilo 2,577, yaani magunia karibu 26, na atayatangaza siku ya mkulima mbele ya kijiji. Aliyesahau unyevu tu atapata 2,064. Makosa yote mawili huongeza, hayapunguzi, ndiyo maana hupendwa na hayashtukiwi. Mkulima atakayefuata mfano huo msimu ujao atavuna 19, atahesabu kuwa ameshindwa kwa magunia 7, na pengine kuacha mbegu iliyokuwa ikimfaa. Daftari lililoandika uzito wa magunzi, uzito wa punje, unyevu na eneo huweza kusahihishwa na yeyote baada ya mwaka mzima. Lililoandika "magunia 26" peke yake halisahihishiki.

Asiye na kipima unyevu anaweza kutumia chupa na chumvi kavu. Punje hutikiswa na chumvi ndani ya chupa kavu, na chumvi ikishika kwenye kuta, unyevu uko juu ya takriban asilimia 15. Jaribio hilo husema juu au chini tu. Mtu akiona daftari limeandika "16.5" na mbele yake "kwa chumvi", ajue namba hiyo imetungwa. Ingetosha kuandikwa "chumvi ilishika" na hesabu kuachwa bila kusahihishwa, ikisema hivyo waziwazi.

Maandishi ya siku ya mkulima hukaguliwa kwa jicho jingine. "Walihudhuria 32, walielewa vizuri" ni sentensi inayoweza kuandikwa bila kutoka ofisini. Yenye faida husema ni nani aliyeshika kamba ya kupandia, mkulima au bwana shamba mwenyewe, na ni maswali gani yaliulizwa kwa maneno ya waulizaji. Mama mmoja akiuliza, "Kamba hiyo, watu wawili wa kuishika nitawatoa wapi, mwanangu?", swali hilo liandikwe lilivyo. Limebeba sababu ambayo huenda mwakani ikaonekana shambani, mistari ikiwa imepinda au haipo kabisa, na hakuna jedwali ambalo lingeionyesha.

Mwisho ni kumbukumbu za mkulima mwenyewe, ambazo mwanafunzi huzinakili. Gharama za mbegu na mbolea hupatikana kwa urahisi kwa sababu zililipiwa fedha. Kinachopotea ni palizi ya familia, ambayo haikulipwa na kwa hiyo haikuandikwa, pamoja na mahindi mabichi yaliyochomwa na kuchemshwa nyumbani, na yaliyopewa majirani, kabla ya siku ya kuvuna. Daftari lenye safu ya "yaliyoliwa mabichi" kwa kawaida limeandikwa na mtu aliyekaa na familia hiyo akawauliza. Lisilo nayo huonyesha mavuno madogo kuliko shamba lilivyotoa.