Martaba ya Majina katika Bango la Tamasha

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Lindi, apitapo Jaribu Mpakani, Bungu, Kibiti na kisha Ikwiriri, huona kandokando ya barabara, juu ya kuta za maduka na mashina ya miembe, mabango ya matamasha yaliyobandikwa moja juu ya jingine. Na aghalabu, kabla hajajua tamasha ni la siku gani, amekwisha kujua nani ni msanii mkuu, nani wanamsindikiza, na nani ametoa fedha. Maarifa hayo huyapata kwa ukubwa wa maandishi peke yake. Nataka kuchambua jinsi ukubwa huo unavyopangwa, kwa sababu wachoraji wetu wengi huupima kwa rula, ilhali jicho la mpita njia lina mizani yake nyingine.

Tuanze na msomaji. Kanuni inayotumika sana katika kazi ya mabango ni kwamba herufi nene yenye kimo cha sentimita moja husomeka hadi umbali wa mita tatu hivi. Basi liingialo Kibiti kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa hukata mita 11 kwa kila sekunde. Jina lenye kimo cha sentimita 9 litasomeka kutoka mita 27, yaani abiria atakuwa nalo kwa sekunde mbili na ushei. Lakini jina lenye kimo cha sentimita 2 litasomeka kutoka mita 6 tu, na huyo abiria atalipita katika nusu sekunde. Kwa hiyo abiria wa basi hasomi ila jina la kwanza, pengine na la pili. Majina mengine yote ni ya mtu aendaye kwa miguu sokoni, na ya yule asubiriye chombo pale gati la Nyamisati, ambaye ana saa nzima ya kulisoma bango mpaka jina la mpiga chapa.

Hapa ndipo penye kosa kubwa. Tuchukulie karatasi ya kipimo cha A2, yenye upana wa sentimita 42; tukiacha pambizo ya sentimita mbili kila upande, hubaki 38 za kuandikia. Msanii mkuu awe Zuchu, na wa pili awe Khadija Kopa, majina ambayo nayachukua kwa ajili ya herufi zake tu, wala sisemi kwamba tamasha hilo limepata kuwako. Mchoraji, kwa kufuata desturi, ampe wa kwanza herufi kubwa za kimo cha sentimita 6 na wa pili za sentimita 4, akiamini kwamba daraja limekwisha kuwa dhahiri. Herufi nene zilizobanwa, zile zipendwazo na wachapaji wa mabango, huwa na upana wa takriban nusu ya kimo chake. ZUCHU, yenye herufi tano, itachukua upana wa sentimita 15. KHADIJA KOPA, yenye herufi kumi na moja na nafasi katikati, itachukua sentimita 23. Sasa zidisha: 15 kwa 6 ni 90, 23 kwa 4 ni 92. Jina la msaidizi limechukua eneo kubwa kuliko la mkuu! Karibu na bango mtu ataona tofauti ya vimo, lakini akirudi nyuma mpaka herufi zianze kuungana, ataona mabonge mawili ya wino yaliyo sawasawa, na lile la chini likiwa refu zaidi.

Dawa yake ni kupima eneo kwanza, kisha kimo. Mwandikie Zuchu kwa sentimita 9: upana utakuwa 22 na nusu, na eneo litapita kidogo 200. Mwandikie Khadija Kopa kwa sentimita 5: upana utakuwa karibu 29, na eneo 144. Hapo mkuu ni mkuu kwa kimo na kwa eneo pia, na jina la pili limezidi ukubwa liliokuwa nao awali, jambo litakalomridhisha mwenyewe na wakala wake. Njia nyingine, ambayo vijana wa studio hupenda kwa kuwa programu huifanya kwa mkono mmoja, ni kulivuta kila jina mpaka lijaze upana wote wa karatasi. Kwa njia hiyo ZUCHU itapanda mpaka sentimita 15 za kimo, na KHADIJA KOPA itabaki kwenye sita na nusu. Na kama kundi la taarabu lenye jina refu kama Jahazi Modern Taarab lingekuwapo, lingeporomoka mpaka nne. Ufupi wa jina ungekuwa ndio unaotoa cheo. Mimi siikubali njia hii ila pale jina fupi linapokuwa, kwa bahati njema, ndilo la mkuu.

Fauka ya hayo, mfano huu una kadhia nyingine, kwa kuwa Khadija Kopa ni mama yake Zuchu. Hisabu ya soko huenda ikamtanguliza binti, na adabu ya pwani ikamtanguliza mama. Na bango litakalobandikwa kwa watu wanaojua nasaba hiyo haliwezi kujifanya halijui. Ningekuwa mimi mpangaji, nisingeongeza wala kupunguza kimo kwa sababu ya heshima, kwani vipimo vikianza kuonea haya kila mtu, havitamaliki lolote. Ningelitenga jina la mama katika mstari wake peke yake, likiwa na nafasi tupu juu na chini, na rangi isiyotumika kwa mtu mwingine. Nafasi tupu hutukuza bila kuvuruga daraja, na nashangaa kwamba wachoraji wetu huiona kuwa ni karatasi iliyopotea bure.

Pale wawili wanapolingana kweli, na kila mmoja akataka kutangulia, kuna suluhu ya zamani itokayo katika sinema. Katika matangazo ya filamu The Towering Inferno ya mwaka 1974, Steve McQueen na Paul Newman wote walikuwa nyota wakuu, basi jina la McQueen likawekwa kushoto, mahali pasomwapo kwanza, na la Newman kulia, lakini juu kidogo kuliko la mwenziwe. Mmoja ana utangulizi, mwingine ana urefu, wala hapana hakimu awezaye kusema nani yuko juu. Kwa mabango yetu njia hii hufaa majina yanapokaribiana kwa idadi ya herufi. Yasipokaribiana, kushoto na kulia hupoteza ulinganifu, na aliye na jina refu huonekana amemsukuma mwenziwe ukingoni.

Chini ya wakubwa hao huja wasindikizaji, ambao wakiwa wanane au kumi hawahitaji vipimo vinane au kumi. Jicho halioni daraja pale kimo cha jina moja kinapozidi kingine kwa chini ya moja ya tano. Huona taksiri ya mchapaji. Basi wote wapewe kimo kimoja, sentimita 2 au 2 na nusu, waandikwe mfululizo kwa alfabeti na nukta kati yao, na ugomvi wao uishie hapo. Namtoa katika safu hiyo mmoja tu, kundi la ngoma la wenyeji. Desturi ni kulitia mwisho kabisa, pengine kwa maneno ya jumla kama "na ngoma za asili", bila hata kulitaja. Ilhali watu wa vijiji vya delta ya Rufiji, watakaolipa nauli ya chombo na kulala mjini usiku ule, huenda wanalijua kundi hilo kuliko wanavyomjua msanii wa tano kutoka Dar es Salaam. Lipewe mstari wake, kwa kimo kile kile.

Wadhamini ni mtihani wa namna nyingine, kwa sababu wao hawaombi nafasi, hununua. Upeo wa ununuzi huo ni mdhamini kuingia katika jina la tamasha lenyewe: Fiesta ya Clouds iliyozunguka mikoani ilijulikana kwa miaka kadhaa kuwa Serengeti Fiesta, kwa jina la bia, na baadaye Tigo Fiesta, kwa jina la kampuni ya simu. Hapo nembo ya mdhamini mkuu husomwa pamoja na kichwa, na hakuna haja ya kuirudia chini. Wengine wote hukusanywa katika ukanda mweupe chini ya karatasi, usiozidi sudusi ya kimo chake, na weupe huo una sababu: kila nembo ina rangi zake, na rangi hizo zikipandishwa juu ya picha ya wasanii hugombana nayo.

Katika ukanda huo kosa la majina hurudi kwa sura nyingine. Mchoraji akizipa nembo zote kimo cha sentimita 4, nembo ya mraba ya benki itapata eneo la 16, na nembo ya duka la saruji ambayo upana wake ni mara sita ya kimo itapata upana wa 24 na eneo la 96. Wamelipa sawa, mmoja amepewa mara sita. Njia ya insafu ni kuchagua eneo, tuseme 24, kulizidisha kwa uwiano wa upana na kimo, kisha kutafuta kipeo cha pili. Jibu ndilo upana. Kwa mraba, 24 mara 1 ni 24, na kipeo chake hutoa upana wa 4.9. Kwa nembo ya saruji, 24 mara 6 ni 144, na kipeo chake ni 12, kimo kikiwa 2. Nembo yenye mistari myembamba huhitaji kuongezwa kidogo baada ya hisabu, na hapo jicho ndilo liamualo. Mkataba nao uandike eneo kwa sentimita za mraba, kwa maana mdhamini aliyeahidiwa nembo "maradufu" atatarajia upana maradufu, na upana maradufu ni eneo mara nne.

Kuna na jua. Bango lililobandikwa Kibiti wiki tatu kabla ya tamasha hupoteza kwanza manjano na wekundu, na hubaki na buluu na weusi. Jina la mkuu lililoandikwa kwa rangi nyekundu juu ya manjano, kwa kuwa huvutia likiwa jipya, litakuwa limefifia wakati nembo ya buluu ya mdhamini ingali ngangari, na daraja lote limepinduka bila mtu kubadili kipimo hata kimoja. Herufi nyeusi, au nyeupe juu ya buluu nzito, hustahimili.

Nao watu wa visiwani, upande wa Salale na Mbwera, huenda wasilione bango hilo la ukutani kabisa. Hupata picha yake katika simu, ambamo karatasi ya sentimita 42 hubanwa katika upana wa sita na nusu au saba, yaani mara sita. Au hupata fotokopi ya A4, iliyo nusu kwa kimo na isiyo na rangi. Katika simu, jina la sentimita 9 litabaki moja na nusu, na wasindikizaji wa sentimita 2 watabaki milimita tatu, wakisomeka. Lakini tarehe na kiingilio, ambavyo wachoraji huvisukumia pembeni kwa milimita 8, vitakuwa milimita moja na kitu, na mtu atatoka kisiwani asijue ni Jumamosi ipi. Hivyo viwili nisingevipa chini ya sentimita 1 na nusu, hata kama ingelazimu kumnyang'anya mdhamini ukanda wake kidogo; na karatasi ya kwanza kutoka kwa mchapaji ningempa mdhamini huyo aione ikiwa imebandikwa ukutani kwa ukubwa wake, asimame mita sita, ndipo aseme kama nembo yake ni ndogo, kwani katika kioo cha kompyuta kila mdhamini huiona yake kuwa ndogo.