Kina cha Maji ni Kipi? Nomino na Kitenzi katika Tafsiri ya Ripoti za Visima, Masasi na Newala

1. Utangulizi

Ripoti ya uchimbaji wa kisima kirefu ni matini fupi yenye majedwali. Hutaja tabaka za miamba, kina cha kila tabaka, mahali maji yalipopatikana na kiasi kilichotoka yalipovutwa. Kwa kawaida mjiolojia huiandika kwa Kiingereza kwa ajili ya wahandisi wenzake. Hata hivyo, Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Namba 5 ya mwaka 2019 inaweka uendeshaji wa miradi ya vijijini mikononi mwa vyombo vya jamii, ambavyo vikao vyao huendeshwa kwa Kiswahili. Hivyo tafsiri inakuwa na lengo tofauti na la matini chanzi. Msomaji wake hapitii hesabu za mjiolojia. Anaamua pampu ishushwe hadi wapi na watu wangapi waahidiwe maji. Kwa mtazamo wa nadharia ya skoposi, ambayo Vermeer aliijenga juu ya lengo la matini lengwa, uamuzi huo ndio kipimo cha ubora wa tafsiri.

Makala hii inadai kwamba udhaifu mkubwa wa tafsiri za aina hii hautokani na uhaba wa istilahi. Unatokana na kuhamisha nomino za jedwali kama zilivyo, ilhali Kiswahili kina uwezo wa kueleza jambo lile lile kwa kitenzi na kwa usahihi zaidi.

2. Ardhi mbili, neno moja

Masasi na Newala ni wilaya jirani zenye jiolojia tofauti. Masasi imekaa juu ya miamba ya kale, hasa naisi, yaani mwamba mgumu uliogeuzwa na joto na mgandamizo. Milima yake inayosimama peke yake katika tambarare ni ya aina iliyoelezwa na mjiolojia Mjerumani Wilhelm Bornhardt katika kitabu chake cha mwaka 1900, ambamo aliita umbo hilo kwa neno lenye maana ya mlima-kisiwa. Naisi nzima haipitishi maji. Maji hukaa katika sehemu yake ya juu iliyolainika na katika nyufa zilizo chini. Newala, kwa upande wake, iko juu ya uwanda wa Makonde, ambao ni tabaka nene za mawe ya mchanga. Mvua huzama humo haraka na kwenda chini sana. Ndiyo maana mradi wa maji wa Makonde huchota maji katika visima vya bondeni Mitema na kuyapandisha kwa pampu hadi juu ya uwanda.

Tofauti hiyo inagusa moja kwa moja maana ya “kina cha maji”. Katika mawe ya mchanga yasiyofunikwa na tabaka la mfinyanzi, mchimbaji hukuta maji pale pale yanapokuwa yamesimama. Kina cha kuyakuta na kina cha kusimama kwake hukaribiana, na neno moja halimpotezi mtu. Katika naisi, maji yaliyobanwa ndani ya ufa hupanda juu ya bomba mara ufa unapotobolewa. Hapo vina viwili hutengana kwa makumi ya mita. Tafsiri iliyofaa Newala inaweza kupotosha Masasi bila neno lake hata moja kubadilika.

3. Mfano wa uchambuzi

Tuchukue kisima kilichotungwa kwa ajili ya hoja hii, chenye sifa za kawaida za miamba ya Masasi. Kina mita 72. Mita 4 za juu ni udongo wa kichanga. Kutoka mita 4 hadi 22 ni naisi laini, na chini yake ni naisi ngumu yenye ufa mmoja katika mita 38. Maji yalikutwa katika ufa huo, yakapanda na kusimama mita 11 kutoka usawa wa ardhi. Yalipovutwa kwa saa 24, kwa kiwango cha lita 2,400 kwa saa, yalishuka hadi mita 34.

Tafsiri ya nomino kwa nomino ingesema: “Kina cha kisima mita 72, kina cha maji mita 11, mavuno lita 2,400 kwa saa.” Kila tarakimu ni sahihi, lakini sentensi inapotosha mara mbili.

Kwanza, katika matumizi ya kila siku “kina cha maji” ni urefu wa maji yenyewe kutoka juu hadi chini, kama isemwavyo kuhusu bahari au mto. Msomaji anaweza kuelewa kwamba kisimani mna mita 11 za maji, ilhali mna mita 61. Anayeelewa kwamba ni umbali wa kufikia maji naye anaweza kuona pampu ikitosha katika mita 20. Ikiwekwa hapo, itaanza kuvuta hewa mara maji yatakaposhuka chini yake.

Pili, “mavuno” ni neno la shamba. Hutaja kilichopatikana, na kwa mkulima hubeba tumaini la kupatikana tena msimu ujao. Kamati itazidisha lita 2,400 kwa saa 24 na kupata lita 57,600 kwa siku. Kwa kipimo cha Sera ya Maji ya mwaka 2002, yaani lita 25 kwa mtu kwa siku, kisima kitaonekana kutosha watu 2,304. Lakini wakati wa jaribio maji yalibaki mita 4 tu juu ya ufa unaoyaleta. Maji tuli yakishuka mita 5 wakati wa kiangazi, uvutaji ule ule utayafikisha mita 39, chini ya ufa, na mtiririko utapungua ghafla. Kwa sababu hiyo mhandisi anaweza kushauri lita 1,500 kwa saa, kwa saa 10 tu, ili maji yapate muda wa kupanda tena. Hizo ni lita 15,000, zinazotosha watu 600. Kati ya 2,304 na 600 pana vitongoji vizima vitakavyopanga foleni kwenye bomba kavu.

4. Uwezo wa kitenzi

Kirejeshi cha mahali na wakati, -po-, kinatatua tatizo la kwanza kwa njia ya kawaida kabisa ya Kiswahili. Vichwa vya safu vinaweza kuwa “Maji yalipokutwa” (mita 38), “Maji yaliposimama” (mita 11) na “Maji yaliposhukia yakivutwa” (mita 34). Hakuna istilahi mpya ya kukariri. Vitenzi vitatu vinatenganisha matukio matatu, na msomaji anaona mwenyewe kwamba pampu lazima iwe chini ya namba ya tatu.

Tatizo la pili linatatuliwa na njeo. Nomino ya jedwali haina wakati, kwa hiyo matokeo ya siku moja husomeka kama sifa ya kudumu. “Kiasi kilichovutwa katika jaribio” na “kiasi kinachoshauriwa kuvutwa” vinatenganisha lililotokea na linaloruhusiwa. Pale ambapo ripoti chanzi haina kiasi cha pili, pengo linaonekana, na mfasiri ana wajibu wa kumrudia mwandishi badala ya kulifunika kwa “mavuno”.

Hata hivyo, kitenzi nacho kinahitaji kuchaguliwa vizuri. Naisi laini ya mita 4 hadi 22 huweza kutafsiriwa “mwamba uliomomonyoka”. Kumomonyoka ni kubomoka na kuondolewa, hasa na maji au upepo. Mwamba huu haujaondoka. Umelainika ukiwa mahali pake, na kwa sababu umebaki ndipo huweza kuhifadhi maji. “Mwamba uliooza” unaeleza hali hiyo vizuri zaidi, na pia unamwonya msomaji kwamba sehemu hiyo inahitaji bomba la kuzuia kuta zisiporomoke.

5. Mipaka ya hoja

Inaweza kupingwa kwamba usanifishaji unahitaji nomino thabiti, na kwamba virai vya kirejeshi ni virefu. Pingamizi hilo lina uzito katika vitabu vya kiada na kamusi za taaluma, ambako dhana hufafanuliwa mara moja na kurejelewa mara nyingi. Ripoti ya kisima haitoi nafasi hiyo. Husomwa mara moja kikaoni, mara nyingi kwa sauti, na msikilizaji hana faharasa mkononi. Tena, kirejeshi hakiwezi kusahihisha kipimo kibaya, wala kuziba pengo la jaribio lililofanywa kwa saa chache mno au katikati ya masika. Kinachoweza ni kumfanya msikilizaji aulize jaribio lilifanywa mwezi gani, kwa sababu amesikia “kilichovutwa” na kutambua kwamba kinachotajwa ni tukio lenye siku yake.