Upana wa Mtaro

Fundi anaposhuka kwenye mtaro wa msingi wa nyumba haanzi na futi kamba. Anaanza na kidole gumba. Nimemwona mmoja Mbulu mjini, kwenye mteremko wa udongo mwekundu, amepiga goti chini ya mtaro uliochimbwa asubuhi hiyo. Anang'oa bonge la udongo na kulifinya. Likifinyangika kwa urahisi kama unga wa chapati, anatikisa kichwa. Likigoma kufinyangika vidoleni, na gumba likaacha alama ndogo tu, anatulia. "Hapa bado, kijana," alimwambia saidia fundi kwenye kona moja, "ongeza sururu."

Gumba lile linajibu swali ambalo mhandisi hulijibu kwa hesabu: mita moja ya mraba ya udongo huu ibebeshwe tani ngapi bila nyumba kutitia? Udongo mwekundu mgumu kama ule mtu huuwekea tani 10 bila hofu. Ule unaofinyangika vidoleni, 4 au 5, na mwingine hata hizo haufikishi.

Tuchukue mita moja ya urefu wa ukuta wa nyumba ile. Ukuta wa tofali za saruji za inchi 6, wenye kimo cha mita 3 na plasta pande zote, una tani 1.1 hivi. Mkanda wa zege juu yake hauongezi hata kilo 100. Nusu ya paa la bati na mbao, pamoja na dari na fundi atakayepanda kulitengeneza, ni tani 0.4. Mawe ya msingi, yenye unene wa sentimita 40 na kimo cha 90, ni karibu tani 0.9. Zege la chini, upana sentimita 60 na unene 20, ni tani 0.3. Jumla ni tani 2.7 na ushee. Gawanya kwa 10, unapata upana wa sentimita 27.

Mbona basi fundi anachimba 60? Kwa sababu jiwe la msingi haliwezi kuwa jembamba kuliko mkono unaolipanga. Ukuta wa mawe unataka sentimita 40 ili mawe yafungane, na zege lizidi kidogo kila upande. Mpangaji naye anataka pa kuweka mguu. Kwa upana huo udongo unabeba tani 4.5 tu kwa mita ya mraba. Kwenye kona laini, yenye uwezo wa tani 4, hesabu inadai karibu sentimita 70, na fundi anachimba 75. Sasa zege linatokeza sentimita 17 na nusu nje ya jiwe, na bado halina haja ya nondo, maana unene wake wa 20 unazidi kiasi linachotokeza. Likitokeza zaidi ya unene wake, hukatika kwa chini usipoona.

Ninachokipenda zaidi ni subira ya kutafuta katikati. Kamba inavutwa kutoka kigingi hadi kigingi, timazi inashushwa, na msumari unachora mstari juu ya zege. Kwenye zege la sentimita 60, mawe yakisogezwa hadi ukingoni, sentimita 10 tu kutoka mahali pake, ukingo huo unabeba karibu mara mbili na wa pili karibu haubebi kitu. Miaka miwili baadaye ukuta umeinama kidogo, na mlango wa mbao unagoma kufunga.

Teremka Hanang, kwenye mbuga nyeusi za kuelekea Basotu, na hesabu ile inakuwa adui. Udongo wa mbuga wakati wa kiangazi ni mgumu, gumba haliingii. Lakini umepasuka nyufa pana, na masika yakija unavimba kwa nguvu inayoweza kupita tani 10 kwa mita ya mraba. Nyumba inayokandamiza kwa 4.5 hunyanyuliwa, na ukipanua msingi, udongo unakandamizwa kwa nguvu ndogo zaidi, basi nyumba inanyanyuliwa kwa wepesi zaidi. Dalili yake ni ufa wa mshazari kwenye pembe ya dirisha, unaofunguka kiangazi na kujifunga masika. Huko fundi mzuri hapanui mtaro. Anachimba mpaka aipite mbuga, au kama ni nene mno, anaiondoa chini ya msingi, anajaza moramu tabaka kwa tabaka na kushindilia kila moja.

Hivyo hivyo kwa tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 na kufunika sehemu za Katesh. Tope hilo likikauka linaonekana ardhi, lakini ni kifusi. Mtaro unapaswa kulipita lote hadi udongo wa zamani, ambao mara nyingi huonekana kwa mizizi na majani meusi yaliyozikwa chini yake, nayo yaondolewe.

Kule Mbulu, mvua ilinyesha usiku kabla ya zege. Asubuhi chini ya mtaro palikuwa na tope la vidole viwili. Hawakumwaga zege. Fundi alishuka tena na sepetu, akakwangua mpaka wekundu mkavu ukaonekana, akapiga goti na kubonyeza gumba.